Moyo wa Kijani wa Punda

Mimi Hilda kusubiri sikujaliwa. Wali wangu naufunua mara nne kabla haujakauka, na mume wangu husema hata siku ya kiama nitamuuliza malaika foleni inasogea lini. Kwa hiyo aliyenipanga mimi kumwangalia Punda siku ya mwisho ya uhamisho, Mungu anamwona.

Punda ni programu. Ofisini kwetu Mtumba tumempa jina hilo kwa sababu anabeba mizigo ambayo binadamu angeikimbia. Siku hiyo mzigo wake ulikuwa maombi ya walimu wa nchi nzima wanaotaka kuhama vituo. Anachukua ombi moja, anauliza kwenye seva ya ofisi nyingine kama huyo mwalimu kweli yupo na anafundisha nini, anatafuta shule yenye nafasi, kisha anakwenda kwa ombi linalofuata. Anakwenda mkoa kwa mkoa, kwa alfabeti, kuanzia Arusha hadi Tanga. Na mkoa hauandikwi mpaka umalizike wote, maana mwalimu mmoja akiondoka anamwachia mwenzake nafasi, na huyo mwenzake anamwachia mwingine. Ukikata katikati, watu wawili wanajikuta kwenye kiti kimoja.

Kibali chetu cha kuandika uhamisho kilikuwa kinaisha saa kumi na mbili jioni. Mkoa ambao haujaandikwa mpaka hapo, walimu wake watasubiri mwakani.

Aliyemtengeneza Punda ni Kefa, kijana wa Hombolo, hapahapa Dodoma, mpole mpaka anakera. Mke wake Paulina anafundisha Ileje, mkoa wa Songwe, karibu kabisa na mpaka. Binti yao Raheli ana selimundu na kliniki yake iko hapa Dodoma, kwa hiyo anaishi na baba, mama anamwona likizo. Mtoto akishikwa na maumivu anamwita mama, na Kefa anaweka simu sikioni pake ili mama aongee naye mpaka alale. Mtandao wa kule nao ni wa kubahatisha. Paulina alikuwa ameomba mara mbili kuhamia shule ya Hombolo akakosa. Safari hii nafasi ilikuwepo. Kefa alikuwa ameiona kwa macho yake, na alikuwa amenunua kitanda.

Ila asubuhi hiyo Kefa hakukaa kwenye kiti chake. Mwaka wa nyuma mtu mmoja wa ofisini alimchomeka shemeji yake katikati ya kazi, ikawa aibu ya kuitwa mpaka ghorofa ya juu. Tangu hapo ikawekwa sheria: mwenye ndugu kwenye maombi anatoka chumbani, hagusi, hashauri. Tena Punda akishaanza, hakuna kuingia ndani ya seva bila ruhusa ya bosi wetu, Mzee Matonya. Tunaangalia skrini tu.

"Dada Hilda, nakuachia," Kefa alisema akiwa mlangoni.

"Niachie na uende zako. Usije ukanichungulia dirishani kama mwizi wa kuku."

Akacheka, akaenda kantini.

Kwenye skrini kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza, moyo wa kijani. Kila nusu dakika Punda anatuma salamu, "nipo hai," na moyo unadunda. Salamu zikikatika, moyo unakuwa mwekundu. Cha pili, hesabu ya mikoa iliyokamilika. Basi. Nilibaki mimi na Khalidi, fundi mwenzangu, ambaye ni mtaratibu ila akili yake inakwenda mbio.

Arusha ikapita vizuri. Dar es Salaam ikatutoa jasho. Hesabu ilisimama kwenye moja, ikasimama, ikasimama, mpaka nikaanza kuzunguka chumbani.

"Huyu amekufa," nikamwambia Khalidi. "Tumzime tumwanzishe upya."

Mzee Matonya akasikia akiwa koridoni, akaingia na kikombe chake. Yeye ni Mgogo kama mimi, mtu wa maneno machache na tumbo la heshima.

"Mama, moyo unapiga au haupigi?"

"Unapiga, mzee."

"Sasa unamzika mtu anayepumua? Dar es Salaam ina watu. Mwache afanye kazi."

Nikakubali kwa shingo upande. Na kumzima Punda si jambo dogo. Anapoanza upya husoma nafasi za shule zote nchini, na hiyo peke yake ni zaidi ya saa nzima, halafu mkoa aliokuwa nao anauanza mwanzo. Ukimzima akiwa mzima, umejikata mguu mwenyewe. Na kweli, muda si muda hesabu ikaruka ikawa mbili. Punda alikuwa mzima, ila mzigo ulikuwa mzito. Mzee Matonya akanitazama kama mtu aliyeshinda bao.

"Moyo haudanganyi," akasema.

Dodoma, Geita, Iringa, Kagera, zikafuatana. Nikatulia. Nilipiga hata hesabu ya kichwani nikaona tutamaliza Tanga jua likiwa bado juu. Nikamtumia Kefa ujumbe, "Chai yako ya leo nalipa mimi." Hakujibu. Sheria ni sheria, hata kwa chai!

Mwanza ndiyo iliyotumaliza.

Tulifika Mwanza adhuhuri. Hesabu ikasimama. Sikushtuka, Mwanza nayo ina watu. Tukala, tukarudi, hesabu palepale. Moyo unadunda, kijani, mzuri, unapendeza. Nikaanza tena kuzunguka.

"Khalidi, Mwanza inaizidi Dar kwa maombi?"

"Haiizidi, dada. Ni ndogo kuliko Dar."

"Mbona imeshakaa muda wa Dar?"

Khalidi alikuwa anautazama ule moyo kama anataka kuuliza kitu na hajui amuulize nani.

Nikaenda kwa Mzee Matonya. Alikuwa kwenye kikao, nikamwita nje kwa ishara. Nikamweleza. Akauliza swali lilelile: moyo unapiga? Nikasema unapiga. Akasema asubuhi nilitaka kumuua Punda mzima, na kama angenisikiliza, sasa hivi tungekuwa bado tunahangaika na Dar es Salaam. Na ni kweli.

"Basi turuhusu tuingie kwenye seva tuangalie tu," nikamwomba. "Khalidi ataona kama anafanya kazi au amekwama. Hatugusi kitu."

"Ya mwaka jana yalianza hivyohivyo. Kuangalia tu." Akarudi kikaoni.

Nilichemka jamani! Lakini nilichemka kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Mtu mwenye hakika hupiga meza. Mimi nilikuwa na moyo unaosema yuko hai, na hesabu isiyosema lolote, kwa sababu hesabu ile inaruka mkoa ukiisha tu. Ombi la kwanza la Mwanza na ombi la mwisho la Mwanza, kwenye skrini yote ni sawa. Punda anayepanda mlima na Punda aliyesimama usingizini, huwezi kuwatofautisha.

Kuna mtu mmoja tu aliyejua ndani ya Punda kuna nini. Nikamfuata kantini.

Kefa alikuwa amekaa peke yake, chai imepoa mbele yake, simu ameilaza kifudifudi. Nikavuta kiti.

"Kefa, moyo unapiga, hesabu haisogei tangu adhuhuri. Ule moyo una maana gani hasa? Unatoka wapi?"

Akaniangalia. Naapa nilimwona anafungua mdomo. Kisha akaufunga.

"Dada, usiniulize."

"Nakuuliza kama aliyetengeneza. Sikuulizi kama mume wa mtu."

"Mimi ni yuleyule mmoja." Akasogeza kikombe pembeni. "Nikisema mzime, na Songwe ikapita, watasema Kefa aliagiza kutoka kantini. Watamrudisha Paulina Ileje na mimi nitafukuzwa. Nikisema mwacheni, na ikikwama, nitakuwa nimemkosesha mimi. Chochote nitakachosema ni kosa. Nimekatazwa kushauri, dada. Nisaidie nisishauri."

"Kwa hiyo ukimya wako una usalama?"

"Hauna," akasema, akainamisha kichwa.

Nikamsonya. Mungu anisamehe, nilimsonya mtu aliyekuwa anaumia kuliko mimi. Nikatoka nikitembea haraka, vumbi la Mtumba linanipiga miguuni, huku nikiwaza kwamba uaminifu nao ukizidi ni maradhi.

Nikarudi mpaka mlangoni pa kikao, na safari hii sikutumia ishara. Niligonga, nikaingia, nikasalimia wakubwa wote shikamoo moja ya jumla, nikasema, "Mzee Matonya, ama uje uone, ama uniandikie kwamba nimekueleza ukakataa." Mtu mmoja akakohoa. Mzee akasimama taratibu. Akanifuata.

Akasimama nyuma ya Khalidi. Khalidi akaingia kwenye seva. Alichukua muda mfupi sana, mfupi wa kutia uchungu.

"Hafanyi kitu," akasema.

"Moyo unapiga," Mzee akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

"Unapiga, mzee. Lakini tazama hapa. Kichwa chake kimepoa, hatumii nguvu yoyote. Punda anayefanya kazi polepole angekuwa anaisumbua hifadhidata yetu kila mara, anauliza nafasi hii, nafasi ile. Huyu hajaiuliza chochote tangu adhuhuri. Ana laini moja tu iliyofunguka, ya kwenda seva ya ofisi nyingine. Aliuliza habari za mwalimu mmoja, na hajajibiwa."

"Kwa nini hakukata akauliza tena?"

"Hakuna aliyemwambia asubiri mpaka lini. Nadhani seva yao ilizimwa na kuwashwa mchana. Wao wameshasahau kama waliulizwa. Yeye bado anangoja jibu, na angengoja mpaka mwakani."

"Na salamu za 'nipo hai' anatuma nani?" nikauliza.

Khalidi akafungua maandishi ya programu, akasoma, akashusha pumzi. "Mkono mwingine. Punda ana mikono miwili, dada. Mmoja unafanya kazi. Wa pili kazi yake ni kutuma salamu kila nusu dakika, basi. Haujui wa kwanza unafanya nini. Ni kama mlinzi aliyelala na redio yake inaimba. Moyo unatuambia programu haijazimika. Hautuambii kama kazi inakwenda."

"Mjinga gani ameweka hivyo?" nikapayuka.

Mzee Matonya akajifuta uso kwa leso.

"Mimi," akasema. "Zamani salamu zilikuwa zinatoka kwenye kazi yenyewe. Ombi likiwa gumu, zinachelewa, moyo unakuwa mwekundu. Wageni wakipita wanauliza, mbona mfumo wenu unaumwa? Nikamwambia Kefa sitaki kuona nyekundu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote ya haki. Lakini nilimwona mzee wa watu alivyosawajika, nikayaacha. Na muda wa kugombana haukuwepo.

"Tufanyeje?" akauliza. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiuliza hivyo.

"Tumzime," Khalidi akasema. "Nirekebishe mistari michache tu. Akiuliza asipojibiwa kwa dakika moja, akate aulize upya. Salamu zitoke kwenye kazi yenyewe, na hesabu iende ombi kwa ombi, ili tumwone anapokanyaga."

"Fanyeni."

Tukamzima. Moyo ukawa mwekundu, na wallahi niliona afadhali nyekundu ile kuliko kijani cha mchana kutwa. Tukamwanzisha. Akaanza kusoma nafasi za shule, nchi nzima, shule kwa shule. Hapo hakuna wa kumharakisha. Nilikaa nimeshika mikono yangu mapajani isinifanyie vituko. Zaidi ya saa nzima ikaenda hivyo, huku watu wa ofisi nyingine wanafunga milango, wanaagana koridoni, wanapanda magari yao.

Kisha Mwanza ikaanza, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Hesabu ilikuwa inatembea. Ombi moja, moyo ukadunda. Ombi la pili, moyo ukadunda. Likija gumu, moyo unakawia, sisi nasi tunabana pumzi, halafu unadunda tena na namba inapanda. Chini yake Khalidi alikuwa ameweka mstari unaoonyesha mwalimu anatoka wilaya gani na amepata shule gani. Mara mbili seva ya jirani haikujibu, na mara mbili Punda akakata mwenyewe, akauliza upya, akajibiwa. Kwa kitu kidogo kama hicho tulipoteza mchana mzima! Nilitamani kulia na kucheka.

Mwanza ikaandikwa. Njombe. Pwani. Rukwa, Ruvuma. Mzee Matonya alikuwa amevuta kiti, ameketi nasi, anatamka majina ya mikoa kwa midomo bila sauti. Alikuwa amepiga simu juu mara tatu kuomba muda zaidi. Mara ya tatu aliambiwa asipige tena.

Shinyanga. Simiyu. Jua limeshuka, madirisha yamekuwa mekundu. Singida ikaandikwa, na Khalidi akasema, "Songwe."

Sikutazama saa. Nilikuwa natazama namba tu. Songwe si kubwa. Namba zilikuwa zinapanda, nami nazisukuma kwa macho. Twende baba, twende, usichoke. Mbozi, Mbozi, Momba, Ileje. Ileje nyingine. Kisha mstari ukapita ambao niliusoma mara moja tu, na ulinitosha: anatoka Ileje, amepata Hombolo.

"Khalidi! Umeona?"

"Nimeona, dada."

"Amepata! Paulina amepata!"

Nilimshika Khalidi bega nikamtikisa. Nani mwingine atoke Ileje aombe Hombolo? Nilifurahi kama mtoto ni wangu. Nilifurahi mpaka nikasahau Punda anavyofanya kazi.

Mzee Matonya alikuwa hajasahau. Aliinuka, akaweka mkono wake juu ya meza karibu na kibodi.

"Mama Hilda. Imetimia saa kumi na mbili."

"Yamebaki maombi machache, mzee. Tazama, machache kabisa!"

"Nimetazama."

"Basi tuiandike Songwe iliyopo. Hao waliokwishapata."

"Tukiiandika nusu, kuna mwalimu atakayehamishiwa kwenye kiti ambacho mwenyewe hajaondoka. Unajua hilo kuliko mimi."

Nalijua. Nilikuwa nalijua, na nilitaka mtu mmoja duniani asilijue. Namba ikapanda tena. Moyo ukadunda, kijani, safari hii kijani cha kweli, Punda mzima anayevuta mzigo wake kwa pumzi zake zote. Mchana kutwa tulikaa tunamlinda aliyelala. Huyu aliyeamka ndiye tuliyetakiwa kumkata.

"Mzime wewe, mzee," nikasema.

"Zamu ni yako. Likiandikwa jina langu, itaonekana nimeingilia." Aliona aibu kulisema, lakini alilisema. Sheria hiyohiyo!

Khalidi alikuwa amegeukia ukutani. Nikamzima. Ilikuwa kubonyeza mara mbili tu. Songwe ikafutika yote, kama haijawahi kuguswa, na hesabu ya mikoa ikarudi Singida.

Kefa alikuja mwenyewe baadaye kidogo. Kazi ilikuwa imekwisha, sasa sheria ilimruhusu kuingia. Alisimama palepale mlangoni aliposimama asubuhi, begi begani, simu mkononi.

"Imefika wapi?"

"Singida," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoitaka. Hakuuliza kwa nini. Hakumtazama Mzee Matonya, wala Mzee hakumtazama yeye. "Haya. Raheli yuko kwa jirani, ngoja nikamchukue. Halafu nimpigie mama yake kabla hajasikia kwa watu." Akageuka kwenda zake.

Ningemwacha aende. Kila mara nikikumbuka najiuliza kwa nini sikumwacha aende. Lakini nilikuwa nimebeba kile kitu kifuani peke yangu, na mimi kunyamaza nako sikujaliwa. Nikadhani ni haki yake kujua. Nikadhani itamfariji kwamba safari hii hakukosa.

"Kefa. Alikuwa amepata. Tuliliona ombi lake limepita. Hombolo. Tukamkata Punda mkoa haujaisha."

Akasimama. Mwanzo hakuelewa, kisha nikaona uso wake unaelewa, kipande kwa kipande. Akaweka begi chini. Akashika fremu ya mlango.

"Hilo, dada Hilda," akasema, "ungenifichia."